Moto Pembeni, Baridi Katikati: Utatuzi wa Matatizo ya Kupasha Kiporo kwenye Maikrowevu

Malalamiko ya kupasha chakula kwenye maikrowevu yanajirudia, iwe ni jikoni kwa mtu wa Raskazone au wa Ngamiani, mjini Tanga. Wali unatoka pembeni unaunguza ulimi na katikati una ubaridi wa friji. Kingo zimekauka, punje zinagonga meno. Tui la samaki limekatika. Yai limepasuka na kuchafua oveni nzima, au limempasukia mlaji mdomoni.

Mengi ya haya yanatokana na jambo moja. Mawimbi ya maikrowevu hayafiki katikati ya chakula. Kwenye wali au samaki yanaingia sentimita moja hadi mbili hivi, kisha nguvu yake inakwisha. Sehemu ya ndani zaidi inasubiri moto usogee kutoka nje, na moto husogea taratibu kwenye chakula. Ukiweka rundo la wali lenye kimo cha sentimita nane, tabaka la nje litachemka na kupoteza maji wakati katikati bado ni baridi. Tena mawimbi hayasambai sawasawa ndani ya oveni: kuna sehemu zina nguvu nyingi na nyingine hazina kitu, zikiachana kwa sentimita chache tu.

Mfano tutakaoufuata ni sahani moja inayojulikana na kila mtu wa pwani: wali wa nazi gramu 300, yaani vikombe viwili vya chai hivi, na kipande cha samaki wa kupaka cha gramu 150, vyote vimetoka friji. Oveni ni ya wati 700, ile ya lita 20 iliyoenea majumbani. Tazama kibandiko cha nyuma au cha kwenye fremu ya mlango, na usome namba ya `Output`, siyo ya `Input`, maana hiyo ya pili ni umeme unaoingia na siku zote ni kubwa zaidi. Kama yako ni ya wati 900, punguza kila muda uliotajwa hapa kwa robo hivi.

Onyo kabla ya kubonyeza chochote

Wali uliolala nje usiupashe, utupe. Ndani ya mchele kuna vijidudu ambavyo mbegu zake haziuawi na mapishi ya kawaida. Wali ukikaa kwenye joto la Tanga, mbegu hizo huamka, huzaana na kuacha sumu ambayo hata kuchemsha upya hakuiondoi. Mwisho wa wali kukaa nje ni saa mbili tangu uive, na siku ambayo joto linapita nyuzi 32, saa moja. Baada ya hapo hakuna pawa wala dakika itakayouokoa, hata kama haujachacha na haunuki. Wali wa kuhifadhi utandaze kwenye bakuli pana upoe haraka, uingie friji, uliwe siku inayofuata, na upashwe mara moja tu.

Vipande vyeupe vigumu unavyoviona kwenye wali wa nazi wa friji ni kitu kingine. Hayo ni mafuta ya nazi yaliyoganda, kwa sababu yanaanza kuganda chini ya nyuzi 24 hivi. Hayana ubaya wowote.

Dalili ya kwanza: pembeni moto, katikati baridi

Sababu inayoongoza kwa mbali ni rundo. Chakula kimewekwa kama kilivyopakuliwa, mlima katikati ya sahani, kisha kikaachwa dakika tatu mfululizo bila kuguswa. Tandaza wali uwe na unene usiozidi sentimita tatu, na katikati acha shimo lenye upana wa kikombe cha kahawa. Wali ukikaa kama pete, mawimbi yanaushika kutoka nje na kutoka ndani pia, na ile sehemu ya katikati inayobaki baridi inakuwa haipo. Baada ya dakika moja toa sahani ukoroge, ukileta wa nje ndani na wa ndani nje. Hakuna kitufe cha oveni yoyote kinachoweza kufanya kazi ya kijiko hapa.

Sababu ya pili ni mahali pa kuweka chombo. Wengi huweka bakuli katikati kabisa ya kioo kinachozunguka. Kitu kilicho katikati kabisa kinajizungusha palepale. Kama kimeangukia sehemu isiyo na nguvu, kinabaki humo mpaka mwisho. Bakuli dogo lisogeze pembeni ya kioo ili lipite kwenye sehemu kali na sehemu dhaifu kwa zamu.

Sababu ya tatu ni kula mara tu kengele inapolia. Dakika mbili za kukaa, chakula kikiwa kimefunikwa, ni sehemu ya kupasha. Katika muda huo tabaka la nje linapungua moto na katikati panaongezeka.

Kama umefanya yote hayo na bado pana ubaridi, chunguza barafu. Chakula cha friza kina tabia ngumu: barafu hainyonyi mawimbi vizuri, bali maji huyanyonya sana. Sehemu ya kwanza kuyeyuka inachukua karibu nguvu yote, inachemka, na jirani yake bado ni jiwe. Kuongeza pawa kunazidisha tofauti hiyo. Hamishia chombo kwenye friji usiku kucha, au tumia `Defrost` kwa vipindi vya dakika mbili, ukivunja bonge kwa uma kila mara, na usianze kupasha mpaka usione barafu tena.

Mwisho angalia kama kioo kinazunguka kweli. Sahani kubwa ya kulia inaweza kugusa ukuta wa oveni na kukwama, na mtu asijue kwa sababu taa inawaka na mlio unasikika. Kama hakizunguki hata kikiwa kitupu, toa kioo na ile pete yenye magurudumu, uvioshe, ondoa punje zilizonasa kwenye njia yake, kisha hakikisha kioo kimekaa sawasawa juu ya kile kishikizo cha plastiki cha katikati. Kishikizo kikiwa kimepasuka kinabadilishwa bila kufungua oveni. Kikiwa kizima na bado hakizunguki, tatizo liko kwenye mota iliyo chini, na hiyo ni kazi ya fundi.

Namna ya kuthibitisha kuwa katikati pameiva moto: kipimajoto cha chakula kisome nyuzi 74 au zaidi sehemu nene kuliko zote. Kama huna, chomeka kisu katikati baada ya kutoa sahani kwenye oveni, hesabu hadi kumi, kisha kigusishe mgongo wa mkono. Kikiwa vuguvugu tu, rudisha chakula.

Dalili ya pili: kingo zimekauka, punje ngumu

Wali ukilala friji, wanga wake unakaza na kushikilia umbo gumu. Ili ulainike tena unahitaji moto na maji kwa pamoja. Moto bila maji unaukausha tu, na hii ndiyo sababu ya kwanza ya kingo kavu: wali umepashwa wazi, bila tone la maji.

Nyunyizia kijiko kimoja cha chakula cha maji kwa kila kikombe cha wali. Kwa sahani yetu, vijiko viwili. Yanyunyizie juu na hasa pembeni, usiyamwage sehemu moja. Kisha funika. Kifuniko kinachofaa ni bakuli la glasi au la udongo lililogeuzwa juu ya sahani, au kifuniko cha plastiki chenye alama ya maikrowevu, kikiachwa upenyo mdogo wa mvuke. Foili isiingie humo. Kawa nalo libaki mezani, kwa sababu ukindu mkavu unaweza kuungua. Sahani za melamini, zile ngumu zisizovunjika, zinanyonya moto zenyewe na hazifai kwa kazi hii. Na zile sahani nzuri za wageni zenye ukingo wa dhahabu zina madini kwenye ukingo: zitatoa cheche.

Sababu ya pili ni pawa kubwa mwanzo hadi mwisho. Hapa inafaa kujua jinsi oveni nyingi za bei ya kawaida zinavyopunguza nguvu, maana haziipunguzi hasa. Ukiweka `Med`, zinatoa nguvu yote kwa sekunde kadhaa, zinazima mawimbi kwa sekunde kadhaa, kisha zinarudia. Sikiliza kwa makini: feni na kioo vinaendelea, taa haizimiki, lakini ule mvumo mzito unakuja na kuondoka. Wakati mvumo haupo, moto unasogea kutoka kingo kwenda katikati, na kingo hazikauki. Kwa hiyo kuchagua `Med` kwa sekunde ishirini hakuna maana. Huenda mzunguko mmoja haujakamilika, na utapata ama nguvu yote au karibu hakuna. Pawa ya kati inafanya kazi kuanzia dakika moja kwenda juu. Oveni zilizoandikwa `Inverter` ni tofauti, hizo zinapunguza nguvu kweli na mvumo wake haukatiki.

Sababu ya tatu ni umbo la chombo. Kwenye kontena la mraba, pembe zinapigwa na mawimbi kutoka pande mbili kwa wakati mmoja, ndiyo maana wali wa pembeni unageuka ukoko. Bakuli la duara, pana na lenye kina kifupi, linaondoa tatizo hilo bila gharama.

Sasa sahani yetu yenyewe. Tenganisha samaki na wali, kila kimoja kiwe na chombo chake, kwa kuwa hakuna muda mmoja unaowafaa wote wawili. Anza na wali: tandaza pete, nyunyizia vijiko viwili vya maji, funika, weka pembeni ya kioo. Dakika moja kwa `High`. Toa, koroga kutoka nje kwenda ndani, tengeneza tena shimo la katikati, funika. Dakika mbili kwa pawa ya asilimia 70 hivi, ambayo kwenye swichi ya kuzungusha mara nyingi ni kati ya `Med` na `High`. Acha dakika mbili bila kufunua. Ukifunua, mvuke utoke kwa wingi kutoka kila upande na mafuta ya nazi yawe yameyeyuka yote. Ukiona bado kuna doa jeupe mahali, hapo ndipo penye ubaridi: koroga, ongeza sekunde 30 kwa `High`.

Chapati na mandazi visipitishwe njia hii. Vifunge kwa karatasi ya jikoni yenye unyevu, sekunde 15 hadi 20, viliwe papo hapo, kwa sababu vikipoa vinakuwa vigumu kuliko mwanzo. Chapati nzuri irudi kwenye kikaango.

Dalili ya tatu: tui limekatika, mchuzi umeruka, samaki mkavu

Mchuzi mzito wa kupaka unazuia mvuke. Chini kunachemka, juu kumetulia, kisha mvuke unatoboa ghafla na mchuzi unaruka mpaka darini. Tui nalo likichemka kwa nguvu linaachana, mafuta juu na mabonge chini. Tiba ya yote mawili ni pawa ndogo na kukoroga.

Weka samaki ule upande mnene ukielekea nje ya kioo na upande wa mkia ukielekea ndani, kwa kuwa nje hupata zaidi. Punguza uzito wa mchuzi kwa vijiko viwili vya tui jepesi au maji, umwagie juu ya nyama ili isikauke, toboa ngozi mara mbili tatu kwa uma, funika kwa upenyo. Dakika moja na nusu kwa `Med`. Koroga mchuzi ulio pembeni, mgeuze samaki, funika, dakika moja nyingine. Pumzisha dakika mbili. Wakati huo wali utakuwa umepumzika pia, na vyote vitafika mezani pamoja. Tui likishakatika, kuongeza moto hakurudishi kitu. Kijiko cha tui zito lililo baridi, ukikoroga nje ya oveni, husaidia kiasi.

Dalili ya nne: yai limelipuka

Hapa sababu ni moja tu yenye sura tatu: maji yaliyofungiwa. Ndani ya kiini cha yai lililochemshwa kuna vijifuko vidogo sana vya maji vilivyobanwa na protini. Kwenye maikrowevu maji hayo yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, kwa kuwa hayana nafasi ya kutoa mapovu. Yanakaa yakingoja kuguswa. Uma au jino likitoboa, yanageuka mvuke kwa mara moja, na mvuke unahitaji nafasi zaidi ya mara elfu ya ile ya maji. Ndiyo maana mayai mengine yanatoka kwenye oveni mazima na kulipukia usoni.

Sura ya kwanza ni yai zima lenye ganda. Lisiingie kamwe, hata kwa sekunde kumi, hata likiwa ndani ya maji. Sura ya pili, ambayo watu wengi huiona salama na si salama, ni yai zima lililomenywa. Ganda si kinga wala si chanzo kikuu. Kiini ndicho chenye hatari. Sura ya tatu ni yai lililofichwa: lile linalokaa chini ya biriani, au lililozungushiwa nyama kwenye kababu. Chimbua biriani kwa kijiko kabla ya kupasha. Kababu lenye yai ndani likate mara nne.

Njia iliyo salama kuliko zote haitumii maikrowevu. Chemsha maji, yaondoe jikoni, tumbukiza yai na ganda lake, funika dakika kumi. Kama yai liko kwenye mchuzi, litoe, pasha mchuzi peke yake mpaka uchemke, likate yai nusu, liweke ndani ya mchuzi nje ya oveni, funika dakika tano. Chipsi mayai na mayai ya kuvuruga hayana shida hii, kwa sababu ute na kiini vimechanganywa na hakuna kilichofungwa. Yai la jicho lipasue kiini kwanza.

Ukigundua kuwa yai zima tayari liko ndani na oveni inafanya kazi, zima ukutani. Usifungue mlango, usilichome ili kulitoa mvuke. Liache humo angalau nusu saa mpaka lipoe kabisa, kisha lifunike kwa taulo zito lililoloa kabla ya kulishika.

Kama limeshampasukia mtu, weka sehemu iliyoungua chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na siagi visipakwe. Likiingia jichoni, endelea kusuuza kwa maji safi huku mkielekea hospitali. Kwa aliye Tanga mjini, Bombo. Malengelenge usoni, mdomoni au kooni nayo ni ya daktari, siyo ya kungoja asubuhi.

Kusafisha ni rahisi likifanywa siku hiyo hiyo. Bakuli la maji lenye vipande vya ndimu na kijiko cha mti ndani yake, dakika tatu kwa `High`, kisha dakika tano mlango ukiwa umefungwa, halafu futa. Kijiko cha mti kisikosekane, maana maji matupu kwenye chombo laini nayo yanaweza kupita kiwango cha kuchemka bila kuonyesha povu, yakaruka unapoyagusa. Futa zaidi ile karatasi ngumu ya kijivu au kahawia iliyo kwenye ukuta wa kulia ndani. Hapo ndipo mawimbi yanapoingilia, na mabaki ya yai yakibaki juu yake yataungua na kuanza kutoa cheche.

Dalili ya tano: kila kitu kinachelewa, au kuna cheche

Pima kwa maji kabla ya kulaumu oveni. Kikombe chenye robo lita ya maji ya kawaida, si ya friji, pamoja na kijiko cha mti. Kwenye oveni ya wati 700 yanapaswa kuanza kuchemka kati ya dakika mbili na dakika mbili na nusu. Fanya kipimo hicho mchana, kisha urudie saa mbili usiku, wakati mtaa mzima umewasha vitu. Yakichemka vizuri mchana na kuchelewa usiku, oveni ni nzima. Umeme unaofika ndio mdogo, na dawa ni kuongeza muda au kutumia stabilaiza ya VA 2000 kwenda juu. Yakichelewa zaidi ya dakika tatu na nusu nyakati zote, oveni imechoka.

Gusa pia plagi baada ya kupasha. Ikiwa moto, au umetumia waya mwembamba wa kurefushia, acha kuitumia hapo. Chomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani iliyo nzima.

Cheche kwanza zitafutie sababu kwenye chombo: ukingo wa dhahabu, kijiko kilichosahauliwa, foili. Pili, uchafu kwenye ile karatasi ya ukutani. Tatu, kutu. Hewa ya bahari yenye chumvi inakula rangi ya ndani, na pale bati linapobaki wazi cheche zinapata pa kuanzia. Futa oveni ikauke baada ya kila matumizi na uache mlango wazi dakika chache.

Simama, chomoa, umwite fundi wa vifaa vya umeme ukiona lolote kati ya haya: cheche hali ndani hakuna chombo chenye madini na ukuta ni safi, harufu ya waya kuungua, mlango usiofunga vizuri, uliopinda au wenye kioo kilichopasuka, oveni inayoendelea kufanya kazi mlango ukiwa wazi, kutu iliyotoboa bati, au mvumo mkali kuliko kawaida huku maji hayapati moto. Usifungue bodi ya nje mwenyewe, hata plagi ikiwa imechomolewa. Ndani kuna kapasita inayohifadhi umeme wa volti elfu kadhaa, na inaweza kuua muda mrefu baada ya oveni kuzimwa. Fundi anayejua kazi huanza kwa kuitoa umeme huo kabla ya kugusa kitu kingine. Ukimwona anaingiza mkono bila kufanya hivyo, mzuie.